Apu iliniambia maembe yameiva asilimia 91, nikaharibikiwa na kreti nzima

Nyota moja. Na hiyo moja naitoa kwa sababu ya nyanya, nitaeleza mbele.

Mimi nauza juisi Mombasa, na maembe nayafuata mwenyewe Kongowea alfajiri. Msimu uliopita kijana wangu aliniwekea hii apu. Unapiga picha ya tunda, nayo inasoma rangi na ngozi, kisha inakuandikia `BICHI` au `IMEIVA` pamoja na asilimia. Siku za mwanzo niliipenda sana. Maembe ya ngowe iliyapatia karibu yote, nikajisemea kumbe miaka yote hii nilikuwa nabonyeza maembe ya watu bure.

Kisha nikapata oda ya shughuli, ndoo mbili za juisi. Siku mbili kabla nikaenda sokoni. Ngowe lilikuwa limeadimika asubuhi ile, lakini palikuwa na Tommy Atkins kutoka Ukambani, yale yenye shavu jekundu. Muuzaji alikuwa amejikinga na turubai la rangi ya chungwa. Nikapiga picha maembe matano, moja moja. Apu ikasema yote yameiva, moja likapewa asilimia 91. Pembeni yangu alikuwapo mzee mmoja ananunua ndizi. Akaniambia, "Mwanangu, hilo wekundu umelipumbaza jicho. Tazama mabega." Nikamshukuru kwa heshima, nikalipia maembe 120.

Usiku wa kuamkia shughuli nikaanza kukata. La kwanza kisu kilipita kwa shida. Nyama ya nje ilikuwa na umanjano hafifu, lakini karibu na kokwa ilikuwa nyeupe kabisa, na ukilionja ni ukakasi na uchachu. La pili vivyo hivyo. Nilikata kumi kabla ya kukaa chini. Ndoo mbili nilizitengeneza kwa pasheni na nanasi nilizonunua usiku ule kwa bei ya kunyongwa, na mwenye shughuli alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau.

Nikawaandikia wenye apu. Nilikuwa mpole, wallahi. Nikaambatisha picha za maembe niliyokata. Aliyenijibu, mtu kabisa, hata salamu hakutoa: "Apu haina kosa. Wewe hujui kupiga picha." Basi. Nimeuza matunda tangu huyo pengine hajui embe linaanguka upande gani wa mti, ananiambia sijui!

Kwa hasira nikaamua kuipima mwenyewe. Nikachukua embe moja kati ya yale yaliyobaki. Nikalipiga picha shavu jekundu likitazama kamera, chini ya kitambaa cha chungwa nilichokitandaza juu ya kamba: asilimia 88. Nikaligeuza upande wa nyuma, nikalipeleka kwenye kivuli cha ukuta mchana kweupe, nikaliweka juu ya karatasi nyeupe: asilimia 36, `BICHI`. Embe lile lile, hazikupita dakika tano.

Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa akisema yule mzee. Wekundu wa Tommy unaletwa na jua. Upande unaopigwa na jua mtini unakuwa mwekundu hata tunda likiwa changa, na upande uliofichwa na majani unabaki kijani. Kinachobadilika embe linapoiva ni ile rangi ya chini, ya upande usio na wekundu, inayotoka kijani kwenda manjano. Apu ilikuwa inausoma wekundu kama uivaji. Na turubai la chungwa linapaka kila kitu umanjano; simu hujaribu kurekebisha rangi yenyewe, lakini haifiki mbali pale ambapo mwanga wote umepita kwenye turubai moja. Karatasi nyeupe ndani ya picha inasaidia, maana ukiona karatasi imekuwa ya chungwa unajua rangi ya embe pia imedanganya.

Kwa hiyo nikiri kwamba picha zangu zilikuwa na kasoro. Yule mjibu maswali alikuwa na nusu ya haki. Nusu tu! Maana apu yenyewe haikuniambia popote nigeuze tunda wala nitoke chini ya turubai.

Na kosa kubwa zaidi halihusiani na picha. Sisi tuna embe changa, embe pevu na embe bivu. Pevu ni lile lililokomaa mtini: bado gumu, pengine bado kijani, lakini ukiliweka ndani siku chache litaiva vizuri. Changa likichunwa haliivi ipasavyo, linanywea ngozi ikajikunja huku ndani linabaki chachu. Mfanyabiashara anatafuta pevu, maana bivu sokoni ni la kula leo. Hii apu neno pevu haina kabisa! Ina bichi na imeiva, basi, na rangi haiwezi kukuonyesha tofauti ya changa na pevu wakati yote mawili ni ya kijani. Umbo ndilo linaloonyesha. Embe changa mabega yake yameteremka kutoka kwenye kikonyo. Pevu yamejaa na kupanda hadi kikonyo kinakaa kama ndani ya kishimo. Hilo lingeonekana hata kwenye picha, kama wangeifundisha kutazama huko badala ya kukimbilia rangi.

Yaliyobaki 110 niliyaacha kwenye kreti. Siku ya tano yaliyoiva sawasawa yalikuwa 41. Mengine yalijikunja kama ngozi ya kiatu, nikayatupa.

Nikaijaribu na Kent pia, niliyopewa na shemeji. Kent linaweza kuiva huku sehemu kubwa ya ngozi bado ni kijani. Siku tatu mfululizo apu ikaniandikia `BICHI`, na jikoni harufu ilikuwa imejaa hadi majirani wanauliza. Nilipolikata, maji yalichuruzika hadi kiwikoni. Ningeisikiliza lingeoza mezani.

Sasa nyanya. Nilikuwa nishaifuta apu, nikairudisha kwa ajili ya mke wangu anayeuza mboga. Kwa nyanya inafanya kazi, tena vizuri. Nyanya inageuka rangi mwili mzima, kutoka kijani kwenda waridi hadi nyekundu, na wekundu wake ndio uivaji wenyewe. Anapiga picha karai asubuhi kivulini, anatenga za kuuza leo na za kesho kutwa, na mara chache sana imemwangusha. Kwa hilo ningewapa nyota nne. Isipokuwa nyanya iliyolainika kwa kugongwa njiani inaiona nzima tu, maana ulaini kamera haiuoni, na hizo ndizo mteja anazozirudisha.

Nilitaka kubadilisha nyota ziwe tatu. Kisha nikakumbuka lile jibu, na jicho la mwenye shughuli. Inabaki moja. Kwa maembe nimerudi kutazama mabega, kunusa kwenye kikonyo, na kumwomba muuzaji anikatie moja nione kando ya kokwa kabla sijalipa. Na zile picha mbili za embe moja, ya 88 na ya 36, nimewatumia. Hadi leo sijajibiwa.