Tairi mbili za saizi moja: 94 au 98 XL kwa gari la umeme?

Tuchukue Tesla Model 3 ya rimu za inchi 18. Dukani kuna tairi mbili za 235/45 R18: moja ina namba 94, nyingine 98 XL. Kwa macho ni pacha.

Ya 94 hubeba kilo 670, na ni nafuu. Ya 98 XL hubeba kilo 750, kwa kuwa kiunzi chake kimeimarishwa kihimili upepo mwingi zaidi. Betri huliongezea gari kilo mamia, na uzito huo huikandamiza tairi, ikapata joto na kulika.

Lakini mlaji mkubwa ni mota. Hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha magurudumu tangu gari limesimama, na kashata husugua lami kila ukikanyaga kwa pupa. Ukiachia pedali, mota hugeuka breki, na tairi zilezile zinazoendeshwa husuguliwa tena. Ndiyo maana katika gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, tairi za nyuma mara nyingi huwahi kuisha.

Mimi ningechukua XL yenye mpira mgumu kidogo. XL peke yake haizuii kulika.