Nyumba Moja Yenye Taa: Usiku Wangu na Coherence

Binamu yangu aliniletea flashi yenye muvi tatu. Mbili zilikuwa za magari kulipuka, tukazimaliza pamoja kwa kahawa na kashata. Ya tatu, Coherence, alinipa kwa shingo upande. "Hiyo watu wanakaa mezani tu wanaongea," akasema. Nikaitazama peke yangu watoto walipolala, na tangu usiku ule umeme ukikatika hapa Ngamiani sitoki kibarazani haraka kama zamani.

Mwanzo wake ni wa kawaida kabisa. Marafiki wanane wanakutana kwa chakula cha jioni katika mji wa Marekani, usiku ambao nyota yenye mkia inapita karibu na dunia. Mmoja wao, Em, yuko njiani anaongea na simu, na kioo cha simu kinapasuka mkononi mwake bila kudondoka. Wakati wa kula, umeme unazimika. Wanatoka nje kuchungulia kama tunavyofanya sisi, kuona kama ni kwao tu au mtaa mzima, na wanakuta mtaa wote giza isipokuwa nyumba moja mbele kidogo inayowaka taa. Wanaume wawili wanajitolea kwenda kuomba simu. Waliobaki wanasubiri. Mlango unagongwa.

Naishia hapo. Ukikutana na mtu barazani anataka kukusimulia zaidi, mwambie anyamaze, maana utamu wote wa muvi hii uko katika kutojua.

Lililonivutia zaidi ni jinsi ilivyotengenezwa. Mwongozaji James Ward Byrkit aliipiga katika nyumba yake mwenyewe, kwa usiku tano, kwa bajeti inayotajwa kuwa kama dola 50,000, ambayo kwa Hollywood ni hela ya chai. Waigizaji hawakupewa mswada wa kukariri. Kila siku kila mmoja alipewa karatasi yake: mhusika wako anajua hili, anataka lile, msimulie fulani kisa hiki. Karatasi za wenzake hakuziona. Ni mmoja tu kati ya wale wanane aliyeijua hadithi yote, Alex Manugian, kwa kuwa ndiye aliyeitunga pamoja na Byrkit, na alikuwamo mle mle mezani akiwasukuma wenzake taratibu upande unaotakiwa.

Ndiyo maana wanakatizana maneno, wanacheka pasipotarajiwa, na hofu ikiingia huioni kama ya kuigiza. Mtu anauliza swali kwa sababu kweli hajui jibu. Hakuna stelingi wa kupiga watu, na sikumbuki kuona bunduki. Kuna mishumaa, mlango, na vile vijiti vya plastiki vya kuvunja vikawaka rangi. Vijiti hivyo vitazame vizuri tangu vinapotolewa. Mimi nilivipuuza, nikalazimika kurudisha nyuma mara mbili.

Jambo jingine: mara kwa mara picha inakatika ghafla, skrini inakuwa nyeusi, kisha inarudi. Mara ya kwanza nilidhani flashi imeharibika, nikaichomoa na kuipuliza. Haijaharibika. Acha iendelee.

Kasoro zipo. Robo saa ya kwanza ni umbea wa watu usiowajua, wa wapenzi wa zamani na nani kamchukua nani, na wengi wataikatia tamaa hapo. Vumilia, kwa sababu ule umbea utakuja kudaiwa baadaye. Kamera inatikisika, wakati mwingine sura ya anayeongea haionekani vizuri. Pia kuna mahali wanaanza kuelezana fizikia, na ghafla wanasikika kama wanasoma kitabu. Pale tu ndipo nilipokumbuka kuwa natazama waigizaji.

Kiingereza chao ni cha haraka na wanaongea watu wanne kwa wakati mmoja, kwa hiyo tafuta nakala yenye maandishi chini. Kuna matusi na mazungumzo ya dawa za kulevya. Usiiweke sebuleni mama mkwe akiwepo. Ina dakika 89, inaisha kabla hujaanza kusinzia, na mwisho wake utagombanisha nyumba. Mimi na shemeji hatujakubaliana mpaka leo.

Juzi usiku umeme ulikatika saa tatu. Nikachungulia dirishani, na kule mwisho wa barabara nyumba moja ilikuwa inawaka. Najua ni sola. Najua hata aliyeifunga. Mke wangu akaniambia nitoke nikaazime kiberiti, nikamwambia tulale.

Flashi ninayo bado. Anayeitaka apite baada ya Isha, ila akigonga mlango ataje jina lake kwanza.