Chombo cha kuchora picha kwa maneno: kwa miwani nimeridhika, kwa uso wa saa bado tunavutana

Nimekitumia chombo hiki kwa miezi mitatu kutengenezea picha za saa za mkononi na miwani nilizozibuni mwenyewe. Simtaji mwenye chombo, kwa sababu kasoro nitakazozieleza nimezikuta pia kwenye vyombo viwili vingine.

Chuma ndicho kilichonitesa mwanzoni. Niliandika “kali”, “safi”, “yenye undani mwingi”, nikaletewa saa inayofanana na sabuni iliyolowa. Kosa lilikuwa langu. Chuma kilichong'arishwa ni kioo tu, na ukingo wake huonekana pale weusi unapokutana na mwanga. Ukisifia chuma bila kueleza kinaakisi nini, chombo kinakupa kijivu kila mahali. Siku hizi naeleza taa na makadi meusi kama ninavyompa maelekezo mpiga picha wa studio, tena kwa Kiingereza, maana Kiswahili chombo hiki hakikishiki vizuri:

```
macro photo of a steel wristwatch, brushed case,
narrow polished chamfer, one long strip softbox
from upper left, black cards on both sides,
plain matte dial, baton markers, hands at 8:20
```

Neno lililofanya kazi kubwa hapo ni `chamfer`, ule ukingo uliokatwa mshazari. Mwili wa saa ukiwa na mikwaruzo laini na ukingo huo ukang'aa, unapata mstari mmoja mweupe, mwembamba, uliokatika vizuri.

Miwani ilinisumbua kwa namna nyingine. Niliandika `no glare`, na lenzi zote mbili zikaja na dirisha jeupe katikati. Chombo hukamata neno “mwako” na kulipuuza “bila”. Nikayahamishia maneno `glare, window reflection` kwenye kisanduku cha vitu visivyotakiwa, kisha nikaeleza taa iko juu na pembeni, na miguu ya miwani imeinuliwa kidogo nyuma ili lenzi zitazame chini. Wapiga picha hufanya hivyohivyo, wakaurusha mwako nje ya kamera. Ila usiufute wote. Lenzi isiyoakisi chochote huonekana kama fremu tupu, kwa hiyo huwa naacha weupe hafifu kwenye kona moja, au rangi ya kijani iliyofifia kama ya lenzi zenye utando wa kupunguza mwako. Hapa chombo nakipa alama za juu.

Sasa uso wa saa. Niliomba 8:20, yaani saa mbili na dakika ishirini kwa usemi wetu (chombo hiki kinafuata namba iliyo usoni, usikichanganye). Kikaniletea 10:10. Nikarudia mara kumi na moja, 10:10 ikarudi mara tisa. Matangazo mengi ya saa hupigwa mishale ikiwa hapo, na chombo kimejifunza kutoka kwenye picha za aina hiyo. Hata ile moja iliyokaribia ilikosea, maana mshale mfupi ulisimama juu ya 8 kabisa, wakati dakika ya 20 ulipaswa kuwa umeshamaliza theluthi moja ya njia kuelekea 9. Mtu anayejua saa ataliona hilo upesi.

Alama za dakika nazo nilihesabu 57, nyingine zimeshikana. Chombo ninachotumia huchora picha ikiwa imebanwa mara 8 kila upande, kisha huipanua. Uso wa saa wenye upana wa pikseli 300 una mzingo wa takriban 942, gawa kwa 60, kila dakika inabaki na pikseli 16 hivi, ambazo baada ya kubanwa ni vijisanduku viwili tu. Alama na nafasi yake vitaenea wapi? Nilipoisogeza saa ikajaza fremu, uso ukafika pikseli 800 na kila dakika ikapata kama 42. Alama zikatengana, ingawa hesabu bado haikufika 60 kila mara.

Kwa hiyo nimeacha kubishana nacho. Naomba uso mtupu, kisha nachora alama 60 na mishale kwenye programu ya michoro, nyuzi 6 kati ya alama na alama, na kuzibandika chini ya mwako wa kioo. Nikitaka kulainisha viungo, narekebisha kipande hicho peke yake na `denoising strength`, yaani kiasi ambacho chombo kinaruhusiwa kuibadilisha picha, nikiiweka 0.3. Siku moja niliipandisha hadi 0.7, namba 7 ikageuka kitu kinachofanana na ndoana.

Njia hii inakwenda vizuri saa ikitazama kamera. Ikilala upande, duara linakuwa yai na inabidi niupinde mchoro kwa mkono. Picha moja ya namna hiyo imenila jioni nzima, na kivuli cha mshale mrefu bado kinaelekea kwenye taa.