Riwaya ya Luweero iliyonyang'anywa ukimya wake

Nilikusudia kukipa kitabu hiki nyota moja, kisha nikaongeza ya pili, na sasa ninapoandika sina hakika kama hiyo ya pili itabaki. Ni tafsiri ya Kiswahili ya riwaya niliyowahi kuiazima na kuisoma kwa Kiingereza miaka kadhaa iliyopita, inayomhusu mwanamke aliyenusurika vita vya msituni katika Pembetatu ya Luweero hapa Uganda, vile vilivyoanza mwaka 1981 na kumalizika Kampala Januari 1986. Jina la kitabu na la mchapishaji sitalitaja, kwa kuwa mwandishi hana kosa, na kosa lenyewe nimekwisha kulilalamikia panapohusika.

Mhusika mkuu haitwi kwa jina lake la kuzaliwa hata mara moja. Anaitwa Nalongo, jina la heshima apewalo mwanamke wa Buganda aliyezaa pacha. Mwanawe mkubwa ni Kato, jina la pacha wa kiume aliyezaliwa wa pili, na binti yake ni Kizza, jina la mtoto anayefuata baada ya pacha. Msomaji wa huku hahitaji kuambiwa zaidi, kwani tangu ukurasa wa kwanza anahesabu watu wa nyumba hiyo na kuona kwamba mmoja hayupo. Yuko wapi aliyemtangulia Kato? Alikuwa Wasswa, mvulana, au Babirye, msichana? Hakuna anayeuliza. Nalongo anapakua chakula, anaitwa Nalongo na jirani, anaitwa Nalongo sokoni, na kila anapoitwa jina hilo linamtaja mtoto ambaye kitabu hakimtaji. Mpaka karibu na mwisho mwandishi anatunyima hata jinsia yake. Isitoshe, Waganda hawasemi kwamba pacha amekufa, husema ameruka, kwa hiyo ukimya wa nyumba hiyo hautokani na uchungu peke yake, bali pia na lugha ambayo haimruhusu mama kulitamka neno lenyewe.

Basi tafsiri hii imefanya nini? Chini ya ukurasa wa kwanza kabisa, jina Nalongo linapotokea, imewekwa tanbihi inayoeleza maana yake, jambo ambalo ningelivumilia, kisha inaongeza: "Pacha wake, Wasswa, aliuawa na askari mwaka 1983." Mistari miwili tu, kwa herufi ndogo, imemaliza kazi ambayo mwandishi alikusudia ichukue kitabu kizima. Nilikifunga kitabu nikakaa nacho mapajani kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba na mpita njia.

Ningeishia hapo pengine nisingeandika neno, lakini kuna eneo la kituo cha basi. Nalongo anakwenda Nairobi kwa harusi ya Kizza. Katika maandishi ya Kiingereza utingo anamwambia kwa Kiswahili, "Mama, panda gari," na maneno hayo yameachwa vivyo hivyo katikati ya Kiingereza. Aliyeishi Kampala na Luweero miaka ile anajua kwamba "panda gari" halikuwa neno la safari. Lilikuwa jina la misako ya askari, watu walipozingirwa na kupakiwa kwenye malori, na wengine hawakurudi. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi, na hata leo wapo wazee wetu wasiotaka kukisikia, ingawa Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005. Nami nikiwa mwalimu wa Kiswahili najua ninachokisema.

Baada ya maneno hayo ya utingo, bila aya mpya, bila tarehe, kitabu kinaingia ndani ya lori: bati lina joto, kuna goti la mtu mgongoni, kuna harufu ya mafuta, na vitenzi vyote viko katika wakati uliopo. Kisha sauti inasema, "Mama, tiketi," na sisi hatujui tulikuwa humo kwa muda gani, wala yeye hajui. Hicho si kisengere nyuma cha kawaida, ambamo msimulizi hugeuka kwa hiari yake kutazama nyuma. Ni kumbukumbu inayomvamia mtu, na alama yake kuu ni kwamba haina "zamani". Kwa mwili wa Nalongo, jambo lile linatokea sasa.

Tafsiri inasema hivi: "Aliposikia maneno hayo, Nalongo alikumbuka jinsi askari walivyowakamata, wakawapandisha lorini, wakawapeleka kambini." Tazama kazi ya hiyo "alikumbuka": imemfanya mgonjwa kuwa mwanahistoria. Tazama pia hizo "-ka-" mbili, zinazopanga matukio kama shanga kwenye uzi, hili likafuatwa na lile, ilhali ugonjwa wenyewe ni kwamba uzi umekatika. Kiswahili kingeweza kabisa kuibeba aya ile. "Bati linaunguza. Goti la mtu liko mgongoni." Hakuhitajika ufundi wowote ila kuiacha "-na-" mahali pake na kunyamaza.

Hapa napaswa kuwa mwadilifu. Mfasiri alikabiliwa na tatizo gumu kweli, kwa sababu katika Kiingereza yale maneno ya utingo yalijitokeza kama mwiba, na katika kitabu ambacho chote ni Kiswahili mwiba huo unazama. Hata hivyo dawa ilikuwapo. Angeliweka neno "panda" akiba, watu wakaingia mabasi na kukwea vilima kurasa zote, hadi litamkwe pale kituoni kwa mara ya kwanza. Yeye amelitumia ovyo, na Nalongo mwenyewe anapanda teksi mara tatu kabla ya kufika kituoni bila kutikisika.

Nilipiga simu kwa mchapishaji. Aliyepokea alinisikiliza kidogo, akasema, "Mwalimu, si kila msomaji ni mwalimu. Watu walilalamika kwamba hawaelewi." Nilimjibu kwamba kutoelewa ndiyo hali ya Kato mwenyewe, aliyekulia katika nyumba ile bila kuambiwa. Akaniuliza kama nataka kununua nakala nyingine.

Nyota ya pili ilitoka mahali nisipopatarajia. Nilimwazima nakala hiyo kijana wa jirani, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye ni Mganda lakini amezaliwa muda mrefu baada ya vita. Aliirudisha akiwa amesoma tanbihi zote, na akaniambia kwamba ile ya kwanza ilimfanya amuulize bibi yake, aliyekuwa Nakaseke miaka ile, kama naye aliwahi kuona lori. "Alisemaje?" nikamuuliza. Akasema, "Aliniambia nikaangalie kama mlango wa kuku umefungwa." Ulikuwa mchana. Alikwenda, akakuta umefungwa, akarudi, na bibi alikuwa amehamia jikoni.

Kwa hiyo sijui. Bila tanbihi ile kijana asingeuliza, na pengine mchapishaji alikuwa na haki nusu. Kisha nikafungua tena ukurasa wa kituo cha basi, nikaisoma "alikumbuka", na hasira ikanirudia yote. Iandikwe nyota moja na nusu kama inawezekana. Nakala yangu nimeibandika karatasi juu ya tanbihi ya kwanza, kwa gundi ya unga, na pembeni mwa aya ya lori nimeandika kwa kalamu ya risasi vitenzi vyote upya. Anayetaka kuazima aje, ila asibandue.