Snipe-IT kwa leseni za ofisi ndogo: uzoefu wangu

Ofisini kwetu tunatumia Snipe-IT kufuatilia leseni na programu tunazolipia kila mwaka. Ni programu huria, hulipii chochote ukiiweka kwenye seva yako, na wengi wanaifahamu kwa kuorodhesha kompyuta na vifaa. Mimi nazungumzia sehemu ya leseni tu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyopunguza malipo yetu, baada ya kuamua wenyewe tarehe gani iandikwe wapi.

Leseni unaisajili mara moja: jina, ufunguo, idadi ya nafasi kwenye `Seats` na siku ya mwisho kwenye `Expiration Date`. Mtu akihitaji programu unamkabidhi nafasi kwa `Checkout`, akiacha kuihitaji unaipokea kwa `Checkin`, na orodha inakuonyesha zilizobaki. Ninachokipenda zaidi ni kwamba mfumo unakataa kumfuta mfanyakazi ambaye bado ana leseni mkononi. Mtu akiondoka kazini, lazima kwanza nafasi zake zipokelewe. Jedwali la kawaida haliwezi kukulazimisha hivyo.

Sasa tarehe. Mkataba unaojihuisha wenyewe una siku mbili muhimu: siku ya kuhuishwa, na siku ya mwisho ya kumwarifu muuzaji kwamba unapunguza nafasi au unajitoa. Hiyo ya pili hutangulia, na ikipita umeshafungwa kwa mwaka mzima. Kwa hiyo kwenye `Expiration Date` sisi tunaweka siku ya mwisho ya kutoa taarifa, na siku halisi ya kuhuishwa tunaiandika kwenye `Notes`. Wenzangu wapya hushangaa kuona programu inayosomeka kuwa imekwisha huku inafanya kazi, lakini maelezo ya sentensi moja yanawatosha.

Mfano ni programu yetu ya usanifu. Tulikuwa na nafasi 12, zote zimekabidhiwa, na mkataba ulikuwa uhuishwe tarehe 30 Septemba kwa sharti la taarifa ya siku 30. Siku ya mwisho ya taarifa ikawa 31 Agosti. Kwa kuwa tumeweka ukumbusho wa siku 30 kabla, barua pepe ilikuja mwanzoni mwa Agosti, na tukapata mwezi mzima wa kukagua.

Ukaguzi wenyewe haufanyiki ndani ya Snipe-IT. Inajua nani kakabidhiwa nafasi, haijui nani anaitumia. Ilibidi tuingie kwenye akaunti ya msimamizi kwa muuzaji, tutoe orodha ya watumiaji na siku yao ya mwisho kuingia, kisha tuilinganishe na orodha yetu. Watu 5 hawakuwa wameingia kwa zaidi ya miezi miwili. Hapo usikimbilie kukata. Mmoja wao alikuwa kwenye likizo ndefu na angerudi kuihitaji, kwa hiyo tulimuuliza kila mmoja. Zaidi ya hapo, kuna programu zinazofanya kazi bila mtandao, na kwa hizo siku ya kuingia haithibitishi chochote. Mwishowe tulipokea nafasi 4 na kumwandikia muuzaji kwamba tunahuisha 8.

Utaratibu una mpangilio wake. Ukijaribu kushusha `Seats` kutoka 12 hadi 8 huku zote zimekabidhiwa, mfumo unakataa. Pokea kwanza zile 4, ndipo ushushe. Nasi hatushushi mpaka mkataba mpya uanze, kwani hadi siku hiyo nafasi 12 zimelipiwa.

Anayeiweka mwenyewe ajue kwamba vikumbusho haviji kwa kujaza tarehe pekee. Seva inahitaji mstari huu kwenye `crontab`, ukibadilisha njia iendane na folda yako:

```
* * * * * cd /var/www/snipeit && php artisan schedule:run >> /dev/null 2>&1
```

Ukitaka kuhakikisha, tengeneza leseni ya majaribio inayokwisha wiki ijayo, kisha endesha ukiwa ndani ya folda hiyo ya Snipe-IT:

```
php artisan snipeit:expiring-alerts
```

Barua isipofika, angalia mipangilio ya barua pepe na anwani ya kupokea vikumbusho. Anwani hiyo iwe ya pamoja, inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja, maana muuzaji naye mara nyingi huandikia mtu mmoja tu aliyefungua akaunti, na huyo anaweza kuwa ameshaondoka.

Je, ninaipendekeza? Kwa ofisi yenye mtu anayeweza kutunza seva na kuchukua nakala za akiba, ndiyo. Kama mna programu tano tu na hakuna wa kuangalia seva, jedwali lenye safu ya siku ya mwisho ya taarifa na safu ya jina la kila mwenye nafasi litawatosha, mradi kumbukumbu za tarehe ziwekwe pia kwenye kalenda ya pamoja.