Fundi wa Rangi Aliyepima Kuta Kabla ya Kutaja Bei

Nilimpata fundi huyu wa rangi za ndani kupitia picha anazoweka mtandaoni, na kilichonivuta ni namna zilivyopigwa. Wengi huonyesha chumba cha zamani kwenye giza la jioni na chumba kipya mchana kweupe, hata mtazamaji asijue kilichobadilika ni ukuta au ni mwanga. Yeye husimama mahali pale pale, dirisha likiwa upande mmoja, na katikati ya picha hizo mbili huweka ya tatu inayoonyesha ukuta ukiwa na mabaka ya pati ya kuziba mashimo kabla ya kupigwa msasa. Mwanga unaoupiga ukuta kwa ubavu huanika kila tuta na kila shimo, kwa hiyo fundi anayekubali kupigia picha kazi yake katika mwanga huo ana imani na mkono wake.

Sebule yetu hapa Dar es Salaam ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Fundi wa kwanza niliyemwita alisimama mlangoni, akatazama huku na huku, akataja bei moja ya jumla pamoja na ndoo ya lita 20. Huyu wa pili alikuja na tepu. Kuta nne zilimpa mita za mraba 54; akaondoa mlango na madirisha mawili, zikabaki 48.5, ambazo kwa mikono miwili ya rangi ni 97. Kopo la rangi ya maji aliyoichagua lilieleza kwamba lita moja hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, naye akahesabu kwa 10 kwa kuwa ukuta wenye viraka hunywa rangi zaidi. Jibu lilikuwa lita 9.7, yaani makopo matatu ya lita 4, na ziada ya lita mbili na ushee ibaki nyumbani kwa ajili ya marekebisho. Dari na praima, ile rangi ya msingi inayotangulia, alivihesabu kando.

Sitaji kiasi nilicholipa, kwani bei za makopo hupanda na kushuka, lakini mpangilio wa makadirio yake ndio ninaousifu. Vifaa vilikuwa upande mmoja na ufundi upande mwingine, ufundi ukitozwa kwa mita ya mraba. Fedha za vifaa zilitolewa mwanzo, nusu ya ufundi baada ya pati na praima, na iliyobaki baada ya sisi kukagua kuta mchana.

Sehemu iliyonishangaza ni ukuta unaopakana na bafu, ambako rangi ya zamani ilikuwa imevimba na kutoa unga mweupe wa chumvi. Alikwangua kidogo, akabandika kipande cha nailoni na kukiziba kingo zote kwa gundi ya karatasi, akakiacha hadi kesho yake. Matone yalijikusanya upande wa ndani, unaogusa ukuta, na hiyo ni dalili kwamba maji yanatoka ukutani kwenyewe; yangekuwa juu ya nailoni, tungelaumu hewa ya chumba. Akaandika kwenye makadirio kwamba ukuta huo hataugusa wala kuudhamini mpaka bomba litengenezwe na nailoni itoke kavu, kwa sababu hakuna rangi, hata iwe ghali namna gani, itakayoshika juu ya lipu inayosukuma maji na chumvi. Fundi bomba alikuta kiungo kinachovuja, na ukuta ule ulipakwa wiki kadhaa baada ya wenzake.

Kuhusu ubora, rangi aliyotumia ni ile yenye mng'ao kidogo, na alama za vidole vya watoto karibu na swichi hutoka kwa kitambaa chenye maji bila kuacha rangi kwenye kitambaa. Mng'ao huo huo, kusema kweli, unaonyesha kasoro za lipu kuliko rangi isiyong'aa, kwa hiyo asiyetaka kugharimia pati asiuchague. Nilipenda pia kuona akimimina makopo yote kwenye ndoo moja na kuyakoroga pamoja kabla ya kuanza, maana rangi iliyochanganywa dukani inaweza kutofautiana kidogo kati ya kopo na kopo, na tofauti hiyo huonekana katikati ya ukuta.

Udhaifu wake uko kwenye usafi. Hakufungua vifuniko vya swichi, alipitisha brashi pembeni tu, na matone yaliyodondokea vigae tuliyakwangua wenyewe. Chumba cha watoto nimempa yeye tena, ila safari hii nimemtaka aandike kwenye makadirio kazi ya kufunika sakafu na kufungua swichi, pamoja na bei yake.