Uzoefu wangu na OCRmyPDF: kontra ya kurasa 14 ambayo ilikuwa picha tupu

Ninafanya kazi ya ukarani katika kabine ya avokati hapa Lubumbashi, na karibu kila juma ninaletewa faili ambalo mtu amelipiga picha kwa simu, akalifanya PDF, kisha akalituma kwa WhatsApp. Kwa macho linaonekana ni maandishi, lakini ukiburuta kipanya juu ya mstari hakuna neno linaloshikika, na ukitafuta jina la mpangaji kompyuta inakujibu kwamba halimo, ingawa unaliona pale pale mbele yako. Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikitumia OCRmyPDF kwa mafaili ya aina hiyo. Ni programu ya bure, na injini yake ya kusomea herufi ni Tesseract. Ukishaiweka haihitaji intaneti hata kidogo, jambo ambalo kwangu lina uzito maradufu: mega ni ghali, na kontra za wateja hazifai kupandishwa kwenye tovuti za watu tusiowajua.

Nitaeleza kazi moja tu, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha uzuri na hatari yake kwa pamoja. Ilikuwa kontra ya kupangisha nyumba iliyoko komine ya Kampemba, kurasa 14, imeandikwa kwa Kifaransa, na mwishoni ina nyongeza ya ukurasa mmoja na nusu kwa Kiswahili. Metre, avokati wetu, alitaka niitoe kama maandishi ili tuandae barua kabla ya saa nane. Niliandika amri hii:

```
ocrmypdf -l fra+swa --rotate-pages --deskew mkataba.pdf mkataba-ok.pdf
```

Sehemu ya `-l` ndiyo wengi wanaisahau. Usipotaja lugha, programu inasoma kana kwamba ukurasa umeandikwa kwa Kiingereza, na hapo alama za juu ya herufi za Kifaransa zinaanza kuyumba, huku maneno ya Kiswahili yakivutwa yafanane na maneno ambayo hayapo. Lugha hizo mbili lazima ziwe zimewekwa kwanza. Kwenye Ubuntu zinapatikana katika vifurushi `tesseract-ocr-fra` na `tesseract-ocr-swa`. Chaguo `--rotate-pages` linageuza kurasa zilizolala ubavu, na `--deskew` linanyoosha zile zilizopigwa picha zikiwa zimeinama kidogo.

Programu ilikataa. Iliandika kwamba `page already has text!` na kusimama hapo hapo. Nilishangaa, maana tatizo langu lilikuwa kwamba maandishi hayakuwapo. Nilipochunguza nikaona chanzo: aplikesheni ya simu iliyotumika kuskani ilikuwa imebandika jina lake chini ya kila ukurasa, na huo mstari mdogo wa tangazo ulikuwa maandishi halisi yanayoweza kuchaguliwa. Programu ilipoyaona ikadhani kila ukurasa umekwisha kusomwa. Ujumbe wenyewe unataja pia `--skip-text`, ambayo inaruka kurasa zenye maandishi, lakini kwa hali hii huo ni mtego, kwa kuwa kurasa zote 14 zina ule mstari na zote zingerukwa. Ungepata faili jipya lisilo na tofauti yoyote na la zamani. Kilichofaa ni `--force-ocr`, ambayo inageuza ukurasa mzima, tangazo na yote, kuwa picha, halafu inausoma upya. Baada ya dakika mbili hivi, kwenye kompyuta yetu ya zamani, kazi ilikwisha na jina la mpangaji likapatikana mara 19.

Hapa inafaa kuelewa programu imefanya nini. Haichapi kontra upya. Inabakiza ukurasa kama picha, kisha inaweka tabaka la maandishi yasiyoonekana sambamba na picha hiyo. Kwa hiyo jicho lako linasoma karatasi, lakini unaponakili na kubandika unachukua kile ambacho mashine ilidhani imekiona, na vitu hivyo viwili vinaweza kutofautiana bila ukurasa kukuonyesha dalili yoyote.

Ndivyo ilivyotokea ukurasa wa 6. Nilinakili kifungu cha kodi, na kwenye barua kikaingia «850 USD» kwa mwezi. Nisingegundua kitu kama ukurasa wa 4 usingekuwa na garanti ya miezi mitatu iliyoandikwa 1.050. Mara tatu ya 850 ni 2.550. Mara tatu ya 350 ndiyo 1.050. Nilirudi kwenye picha, nikaikuza, nikaona muhuri wa bluu umepigwa juu ya tarakimu, na upinde wa duara lake umepita kushoto mwa 3 ukaifunga ikawa kama 8. Kwa kawaida kontra zetu zinaandika kiasi kwa herufi pia, na huko ndiko ninakohakikisha, ila safari hii muhuri ulikuwa umeyafunika hata yale maneno, na mashine ilitoa «tr0is c nt» na vumbi la alama.

Dawa niliyoipata ni nyepesi, mradi picha iwe ya rangi. Wino wa bluu unaakisi mwanga wa bluu, hivyo ukichukua mkondo wa bluu peke yake, yaani sehemu ya picha inayobeba mwanga wa bluu tu, muhuri unafifia ukaribie weupe, huku wino mweusi wa printa ukibaki mweusi:

```
pdftoppm -r 300 -f 6 -l 6 -png mkataba.pdf uk
convert uk-06.png -channel B -separate uk-06b.png
tesseract uk-06b.png uk6 -l fra
```

Amri ya kwanza inatoa ukurasa wa 6 kama picha, ya pili inabakiza mkondo wa bluu, na ya tatu inaisoma picha hiyo na kuandika matokeo kwenye `uk6.txt`. Safari hii ilisomeka «trois cent cinquante» na 350. Muhuri mwekundu nao ungetaka `-channel R`. Lakini karatasi ikiwa imeskaniwa kwa nyeusi na nyeupe, kama maduka mengi ya fotokopi yanavyofanya ili faili liwe dogo, muhuri na herufi vimekwisha kuwa weusi mmoja na hakuna mkondo wa kuvitenganisha. Tangu siku hiyo ninawaomba wateja waskani kwa rangi.

Ninawaomba pia wasitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, bali kama dokima, kwa sababu njia ya kwanza inapunguza picha. Ukurasa wa A4 wenye nukta 300 kwa inchi una urefu wa nukta zipatazo 3.500; nimewahi kuletewa zenye 1.600, ambazo ni chini ya nukta 140 kwa inchi, na hapo «rn» inasomwa «m» na nukta za kutenganisha maelfu zinapotea. Kuikuza picha hiyo baadaye hakurudishi kilichopotea.

Kwa maandishi yaliyochapwa, basi, ninairidhia programu hii kabisa, ila kila tarakimu ninaisoma kwa jicho langu kwenye picha. Majedwali ya malipo yanatoka yamechanganyika safu kwa safu, na mara nyingi ni haraka zaidi kuyaandika upya. Katika kontra ile, maneno ambayo mwenye nyumba aliyaongeza kwa kalamu ukurasa wa 14 yalitoka kama herufi zilizomwagwa ovyo, nikayachapa mwenyewe, mistari mitatu, na Metre akapata barua yake saa nane kasorobo.